Lango Linalogoma Kufungwa

Siku ya kingatiba huko Mahenge, mkoani Morogoro, mgawa dawa hana haja ya mizani. Ana fimbo yenye alama. Anayesimama kando yake akafikia kati ya sentimita 90 na 119 anapewa kidonge kimoja cha miligramu 3, na mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 159 au zaidi anameza vinne. Asiyefika 90 anarudi nyumbani bila dawa. Vidonge hivyo ni ivermektini, na vinatolewa kwa ajili ya ugonjwa wa usubi, ule unaoanza na muwasho usiokoma na unaoweza kumpofusha mtu.

Ukiuliza dawa hii inafanya nini, jibu la kawaida ni kwamba inawapoozesha minyoo. Jibu hilo ni sahihi, lakini limefunika mambo mengi. Aliyemeza anaweza kuwashwa kesho yake kuliko alivyowashwa jana. Mnyoo jike aliyejikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi anaendelea kuishi, lakini mikrofilaria, yaani watoto wake waliokuwa wakitambaa ndani ya ngozi kwa maelfu, wanatoweka karibu wote katika muda mfupi. Na mikrofilaria wa jamii hii ya minyoo wakiwekwa kwenye kisahani cha maabara pamoja na dawa, kwa kiwango kinacholingana na kile cha damu ya mgonjwa, wanaendelea kujinyonganyonga kana kwamba hawakuguswa. Sasa aliyepooza ni nani?

Nitakachojaribu kuonyesha hapa ni kwamba kazi ya dawa hii ndani ya mnyoo ni moja tu: inafungua lango la kloridi na kulizuia lisijifunge. Kinachotofautiana ni mahali lango hilo lilipo mwilini mwa mnyoo. Likiwa kwenye koromeo, mnyoo anashindwa kula. Likiwa kwenye neva za mwendo, anashindwa kwenda. Na likiwa kwenye tundu dogo la kutolea uchafu, yanamfika mambo ambayo neno kupooza halituandai kuyatarajia.

Tuanze na seli yenyewe. Seli ya neva au ya msuli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi ukilinganisha na nje. Tofauti hiyo ni ya milivolti makumi kadhaa tu, ila ndiyo inayotegemewa kwa kila kitu. Ili msuli ukaze, ioni zenye chaji chanya, kama sodiamu na kalisi, huingia ndani, uhasi ukapungua, na ukifika kiwango fulani msuli unajikunja. Kloridi ni ioni yenye chaji hasi, nayo imejaa zaidi nje ya seli. Lango lake likifunguka, kila chaji chanya inayoingia inafuatwa na kloridi inayoifuta. Watu wengi hudhani kwamba lango la kloridi lazima liisukume seli izame kwenye uhasi zaidi. Si lazima. Inatosha kuishikilia pale ilipo. Amri kutoka kwa neva bado inafika, milango ya sodiamu na kalisi bado inafunguka, lakini badiliko la umeme linavuja kabla halijafika kiwango cha kuuamsha msuli.

Ndiyo maana kupooza huku ni kwa kulegea. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo inayojulikana sana kwa wafugaji, hufanya kinyume: inafungua milango ya chaji chanya, msuli unakaza na kubaki umekaza, na mnyoo anakakamaa kama kijiti. Mnyoo wa ivermektini analala teketeke. Ukiwatazama wawili hao kwa darubini, huhitaji kuambiwa nani alipewa nini.

Lango tunalolizungumzia limejengwa kwa nyuzi tano za protini zilizosimama kwa duara, katikati zikiacha tundu linalopenya ukuta wa seli. Kwa kawaida linafunguliwa na glutamati, kemikali ambayo neva hutumia kupelekeana habari. Katika ubongo wetu glutamati ni mjumbe wa kuamsha. Minyoo wa mviringo, wadudu na jamaa zao nao wanaitumia kuamsha, ila wana kitu cha ziada tusichokuwa nacho: malango ya kloridi yanayofunguliwa na glutamati hiyo hiyo, ambayo kazi yake ni kutuliza. Lango likifunguliwa na glutamati hukaa wazi kwa muda mfupi mno, kisha glutamati inaondoka nalo linajifunga. Mnyoo anahitaji ufungaji huo kama anavyohitaji ufunguzi, kwa kuwa mwendo ni zamu za kukaza na kulegea.

Dawa ilianza kutumika muda mrefu kabla lango halijajulikana. Satoshi Omura wa Taasisi ya Kitasato, Japani, aliikuta bakteria inayoitengeneza kwenye udongo uliochotwa karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, na William Campbell na wenzake katika kampuni ya Merck, Marekani, wakaona kwamba mchuzi wa bakteria hiyo unaondoa minyoo kwenye panya. Kemikali ya asili iliitwa avamektini. Ivermektini ni ile ile iliyoongezewa hidrojeni mahali pamoja. Iliingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Mwaka 1987 ikaruhusiwa kwa binadamu, na Merck ikatangaza kuitoa bure kwa ajili ya usubi. Omura na Campbell walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Katika miaka ya mwanzo ya dawa hii maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba dawa inafanya kazi kupitia GABA, mjumbe mwingine wa kutuliza. Ushahidi ulikuwepo: ukiimwaga kwenye misuli ya kambamti au ya mchango, milango ya GABA inaathirika. Tatizo lilikuwa kiwango. Dozi iliyohitajika kuigusa milango hiyo ilikuwa kubwa mno kuliko ile inayomlemaza mnyoo. Maelezo yanayodai dawa nyingi kuliko anayopata mnyoo hayawezi kuwa ndiyo sababu, hata yawe yanapendeza namna gani.

Jibu lilipatikana kwenye mayai ya chura. Watafiti wa Merck walichukua maagizo ya kujengea protini, yaani arenee, kutoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, wakayadunga ndani ya yai la chura wa Afrika Kusini mwenye kucha. Yai hilo ni seli moja kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, nalo ni tiifu: linajenga lolote lililoandikwa kwenye maagizo na kulipachika kwenye ukuta wake. Kisha unachoma sindano mbili nyembamba za kioo ndani ya yai, moja ya kupima umeme na nyingine ya kuushikilia, ukaanza kupitisha kemikali juu yake.

Ukipitisha glutamati, mstari wa mkondo unapanda mara moja, na ukiiosha unashuka. Ukipitisha ivermektini, mstari unapanda polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, mpaka unafika juu na kutulia huko. Unaosha, unasubiri, unaosha tena, na mstari hauteremki. Lango limefunguka na limegoma kufungwa. Ukitumia dawa kidogo sana, kiasi kisichoweza kulifungua lango peke yake, glutamati ya kawaida inaleta mkondo mkubwa kuliko ilivyokuwa ikileta mwanzo. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndani ya mnyoo hai glutamati ipo wakati wote, na dawa haihitaji kufanya kazi yote yenyewe.

Mwaka 1994 Doris Cully na wenzake walizitenga nyuzi mbili za protini zinazojenga lango hilo, wakazipa majina ya alfa na beta. Yai lililopewa alfa peke yake liliitikia ivermektini, lakini glutamati haikulishtua. Lililopewa beta peke yake liliitikia glutamati, na ivermektini ikapita bila jibu. Yalipopewa zote mbili, yaliitikia vyote viwili. Hapo ikadhihirika kwamba dawa haikai kwenye kiti cha glutamati. Ina mahali pake.

Mahali hapo palionekana mwaka 2011, pale Ryan Hibbs na Eric Gouaux, huko Oregon, walipofanikiwa kuligandisha lango la alfa kuwa fuwele na kulipiga picha kwa eksirei pamoja na dawa ikiwa ndani yake. Glutamati hukaa kwenye sehemu ya lango inayochomoza nje ya seli. Ivermektini imejipenyeza chini zaidi, ndani ya ukuta wenyewe, katikati ya uzi mmoja wa protini na jirani yake. Ni molekuli kubwa inayopenda mafuta, na ukuta wa seli ni mafuta. Haishangazi kwamba inafika hapo polepole na kuondoka kwa shida. Ikishaingia kati ya nyuzi mbili inazitenganisha kidogo, na tundu la katikati linabaki wazi. Nyuzi zikiwa tano, nafasi za aina hiyo nazo ni tano.

Ili dawa ikae vizuri hapo, pembe moja ya uzi inatakiwa iwe na asidi amino iitwayo glisini, ambayo ni ndogo kuliko zote. Kikiwekwa kitu kikubwa zaidi, dawa inakosa nafasi. Utitiri mwekundu unaoshambulia mimea shambani, ambao hunyunyiziwa dawa ya ukoo huu iitwayo abamektini, umepatikana ukiwa umebadilisha glisini hiyo kuwa asidi ya aspati, na dawa haiuui tena kirahisi. Badiliko la herufi moja kwenye jeni limetosha.

Sasa tulifuate lango mwilini. Kwa mnyoo wa udongoni tuliyekwisha kumtaja, mahali palipochunguzwa kwa undani ni koromeo. Mwili wa mnyoo wa mviringo umejaa maji yenye shinikizo, na shinikizo hilo ndilo linalompa umbo, kwani hana mfupa. Maana yake chakula hakiwezi kuingia chenyewe. Kinapaswa kupigwa pampu kwa nguvu kwenda ndani. Koromeo ndilo pampu, nalo hukaza na kulegea mara nyingi kila dakika. Neva fulani humwagia glutamati msuli wa koromeo ili kuharakisha kulegea baada ya kila pigo. Uzi wa protini unaopokea habari hiyo unajengwa na jeni iitwayo avr-15. Ivermektini ikifika, kulegea ambako kungekuwa kwa kufumba na kufumbua kunakuwa kwa kudumu. Pampu inasimama, na mnyoo anakaa juu ya chakula asiweze kukila.

Kwa kondoo na mbuzi, adui mkubwa ni Haemonchus contortus, mnyoo mnyonya damu anayekaa kwenye tumbo la nne. Majaribio yaliyofanyika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba koromeo la mnyoo huyu linasimama kwa dawa kidogo ajabu, kiasi cha sehemu ya kumi ya nanomoli katika lita, huku mwendo wa mwili ukihitaji dawa nyingi zaidi mara makumi au hata mamia kabla haujaathirika. Kwa hiyo mnyoo anaacha kula mapema kuliko anavyoacha kutembea. Hata hivyo njaa peke yake haielezi kila kitu, maana minyoo hawa huanza kutoka tumboni mwa kondoo kabla njaa haijapata muda wa kuwaua. Anayeishi ndani ya tumbo linalosukasuka lazima ajishikilie, na aliyelegea husombwa na chakula.

Mnyoo wa udongoni ametufundisha pia kwa nini dawa hii ni ngumu kuikwepa. Kundi la Joseph Dent na Leon Avery lilivunja jeni za malango moja baada ya nyingine. Kuvunja moja hakukumwokoa mnyoo, na kuvunja mbili kulisaidia kidogo au hakukusaidia kabisa. Ilipofika mwaka 2000 walionyesha kwamba ni pale jeni tatu, avr-14, avr-15 na glc-1, zinapovunjwa kwa pamoja ndipo mnyoo anapokuwa sugu kwelikweli. Sababu ni kwamba lango linapofunguka kwenye seli moja, athari yake hupita hadi kwenye seli jirani kupitia vijia vinavyoziunganisha. Ukiziba lango la koromeo, dawa bado inaingilia kwenye neva zilizounganishwa na koromeo.

Turudi Mahenge, kwa mtu mzima aliyemeza vidonge vinne, yaani miligramu 12. Baada ya saa nne hivi dawa inafika kileleni kwenye damu, takriban nanogramu 45 hadi 50 kwa mililita. Baada ya hapo inapungua kwa nusu kila saa 18 hivi, na ukipiga hesabu, kufikia siku ya saba imeshuka zaidi ya mara 600. Siku ya kwanza na ya pili ndizo za muwasho, pengine homa, uvimbe wa uso na tezi kuuma. Katika wiki zinazofuata ngozi inakuwa karibu haina mikrofilaria. Miezi mitatu au minne inapita kabla hawajaanza kuonekana tena, na hata mwaka ukiisha bado hawajarudi kwenye idadi ya mwanzo. Dawa iliyoondoka ndani ya wiki imeacha athari ya miezi.

Mikrofilaria hawana koromeo la kupiga pampu. Hawali kama minyoo wakubwa. Na tumekwisha kuona kwamba kwenye kisahani hawapoozi kwa kiwango hicho cha dawa. Mwaka 2010 Yovany Moreno na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa Brugia malayi, mmoja wa minyoo wanaosababisha matende na jamaa wa mnyoo wa usubi. Walitafuta mahali malango ya kloridi yalipo ndani ya mikrofilaria, na walichokikuta hakikuwa msuli wa mwendo. Malango yalikuwa yamejikusanya mahali pamoja, kwenye msuli mdogo unaozunguka tundu la kutolea uchafu. Kupitia tundu hilo mikrofilaria hutoa pia protini, na minyoo wa aina hii wanajulikana kwa kutumia protini wanazotoa kuuvuruga ulinzi wa mwili wa mwenyeji wao. Mikrofilaria walipopewa ivermektini, kiasi cha protini walichotoa kilipungua.

Mantiki yake ni hii. Mikrofilaria anaishi katikati ya askari wa mwili ambao wangemmaliza kama wangemtambua. Anachoponea ni ule mkondo wa protini. Dawa inalegeza msuli wa tundu, mkondo unakauka, na askari wanaanza kazi. Muwasho na homa ya kesho yake ni dalili za mapambano hayo; aliyekuwa na mikrofilaria wengi zaidi huwashwa zaidi. Kwa maoni yangu hili ndilo lingepaswa kuelezwa kabla watu hawajapewa vidonge, kwa kuwa anayewashwa bila kuelezwa anahitimisha kwamba amepewa sumu, na mwaka ujao hasogelei fimbo.

Inabaki ile miezi ya ukimya. Mnyoo jike hafi kwa dozi hii, lakini mikrofilaria waliomo kwenye mfuko wake wa uzazi hawatoki. Wanasongamana humo, wanaharibika na kuoza. Malango ya ukoo huu yameonekana pia kwenye viungo vya uzazi vya minyoo wakubwa wa filaria, jambo linaloendana na wazo kwamba misuli ya kuwasukuma watoto nje imelegezwa. Baadaye uzazi unarudi polepole. Kwa kuwa mnyoo jike anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, kingatiba nayo inabidi irudiwe kila mwaka, mahali pengine mara mbili kwa mwaka, kwa muda unaolingana na maisha yake. Anayeshangaa kwa nini anaitwa tena kumeza dawa ile ile ajue kwamba mwaka jana alifagiliwa watoto tu.

Sisi wenyewe hatupoozi kwa sababu mbili, na ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba hatuna malango ya kloridi yanayofunguliwa na glutamati. Ya pili ni kwamba yale yanayofanana nayo, ya GABA na ya glisini, mengi yako kwenye ubongo na uti wa mgongo, na dawa haifiki huko kwa urahisi. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo kuna protini inayoikamata ivermektini na kuirudisha kwenye damu kila inapojaribu kupenya.

Umuhimu wa protini hiyo ulijulikana kwa ajali. Katika taasisi ya utafiti wa saratani huko Amsterdam, kundi la Alfred Schinkel lilikuwa limezalisha panya wasio na jeni ya protini hiyo, kwa sababu zisizohusiana na minyoo. Panya walipata utitiri, na kama ilivyo kawaida ya mabanda ya maabara wakanyunyiziwa ivermektini. Wenye jeni hawakudhurika. Wasio nayo walikufa, na bongo zao zilikuwa na dawa karibu mara 90 zaidi ya panya wa kawaida. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1994, mwaka ule ule wa nyuzi za alfa na beta. Baadaye ikaeleweka kwa nini mbwa wa aina ya koli huweza kuzimia kwa dozi ambayo mbwa mwingine haihisi: wengi wao wamepoteza herufi nne za jeni hiyo. Tahadhari ya kutowapa watoto walio chini ya sentimita 90, au kilo 15, inatokana na hofu kwamba ukuta huo wa mishipa ya ubongo bado haujakomaa kwao.

Kuna madhara mengine yanayofikia ubongo ambayo mara nyingi huchanganywa na haya. Katika misitu ya Afrika ya Kati, zikiwemo sehemu za Kongo, yuko mnyoo wa jicho, Loa loa, ambaye mikrofilaria wake hukaa kwenye damu. Mtu mwenye zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu akimeza ivermektini anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Hapa lawama haiangukii lango la ubongo wake. Kinachohofiwa ni wingi wa mikrofilaria wanaoathirika kwa wakati mmoja ndani ya mishipa midogo, ikiwemo ya kichwani. Ndiyo maana katika maeneo hayo watu hupimwa damu kwanza, na mwenye idadi kubwa haruhusiwi kumeza.

Tukielewa lango, tunaelewa pia kile ambacho dawa hii haiwezi kufanya. Tegu na mnyoo wa kichocho si minyoo wa mviringo. Mnyoo wa kichocho ana malango ya kloridi yanayoitikia glutamati, lakini ya ukoo mwingine, na ivermektini haiyagusi. Hao wanahitaji prazikwanteli. Kwa upande wa pili, mbu analo lango linaloguswa, na anayemuuma mtu aliyemeza dawa anainywa pamoja na damu. Wazo hilo lilijaribiwa Kwale, pwani ya Kenya, katika utafiti wa BOHEMIA: watu walipewa mikrogramu 400 kwa kila kilo mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na maambukizi ya malaria kwa watoto yakapungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na kundi lililopewa albendazoli.

Linabaki suala la usugu, na hapa mambo hayakwenda kama wengi walivyotarajia. Baada ya utitiri na mnyoo wa udongoni, ilionekana dhahiri kwamba mnyoo sugu wa kondoo atakuwa amebadilisha lango. Usugu wa mnyoo wa tumbo la nne ulianza kuripotiwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, muda mfupi baada ya dawa kuingia sokoni, na leo upo karibu kila bara lenye kondoo. Watafiti walipolinganisha jeni zote za minyoo sugu na za wasio sugu, alama ya usugu iliangukia eneo moja la kromosomu ya tano ambalo halina jeni za malango hayo. Mwaka 2022 kundi la Roz Laing huko Glasgow lilitaja jeni iliyo katikati ya eneo hilo, cky-1, ambayo ni ya kuendesha jeni nyingine. Pengine tulipaswa kulitarajia: kama kuokoka kunadai kuvunja malango matatu kwa pamoja, mnyoo aliyeko tumboni ana nafuu kutafuta njia nyingine.

Mfugaji hana maabara ya jeni, lakini anaweza kujua kama dawa imeshindwa. Kinyesi cha wanyama kadhaa hupimwa idadi ya mayai ya minyoo kabla ya dawa, kisha siku ya 14 baada yake. Tuseme wastani ulikuwa mayai 800 kwa gramu na sasa ni 240. Upungufu ni asilimia 70, na kwa ivermektini unaotarajiwa ni zaidi ya 95. Kabla ya kutamka usugu, ni lazima kuhakikisha uzito wa mnyama haukukadiriwa chini, na kama ni mbuzi, kwamba hakupewa dozi ya kondoo, kwa kuwa mbuzi huiondoa dawa hii mwilini haraka zaidi. Yote hayo yakiwa sawa na bado mayai ni 240, kuongeza dozi ya dawa ile ile, au kuhamia nyingine ya ukoo huo huo wa avamektini, ni kuwachagua minyoo waliokwisha kuizoea. Inayofuata inapaswa kuwa ya ukoo usiotegemea lango hili, kama levamisoli, na kinyesi kipimwe tena siku kadhaa baadaye.